Rangi ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu brandi, mita kwa lita, mng'ao na "inadumu miaka 10"

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mtu akitaka kupiga nyumba rangi upya, nimeona bora niyajibu yote pamoja. Mimi napaka nyumba za watu, na nyingi ninazoitwa ni zile zilizopakwa juzi juzi zikaharibika, kwa hiyo nikisema kopo linadanganya jua nishalikwangua ukutani.

Brandi gani ni bora?

Swali hili ndilo la kwanza siku zote na ndilo gumu kulijibu kwa jina moja, kwa sababu kampuni moja hiyo hiyo inatengeneza rangi za madaraja matatu au manne. Kuna ile ya bei ya chini ya wapangaji na dari, kuna ya katikati, kuna ya juu, na zote zina nembo ile ile kwenye ndoo. Sasa mtu anakwambia "brandi fulani haifai, mimi ilinibanduka", ukimuuliza alinunua ipi ndani ya hiyo brandi, hajui, anakumbuka rangi ya kifuniko tu. Ukilinganisha daraja la chini la kampuni kubwa na daraja la juu la kampuni ndogo, hiyo ndogo inaweza kushinda vizuri tu.

Mimi brandi naichagua kwa kitu kimoja kabla ya vingine: je wana datashiti ya kila rangi, ile karatasi ya maelezo ya kiufundi, na je imeandikwa asilimia ya solidi kwa ujazo? Kampuni inayoficha hiyo namba huwa ina sababu zake.

Solidi ndio nini?

Rangi ni maji (au thina kama ni ya mafuta) pamoja na vitu vinavyobaki ukutani ikikauka. Hivyo vinavyobaki ndio solidi: gundi inayoshikilia kila kitu, unga mweupe wa titaniamu dayoksaidi unaofunika rangi ya zamani, na kijazio, ambacho mara nyingi ni unga wa mawe ya chokaa. Maji yanaruka hewani, hayabaki. Kwa hiyo lita moja yenye solidi asilimia 36 inakuachia sentilita 36 za rangi kavu ukutani, na yenye 28 inakuachia 28, zingine zote umenunua maji, na maji ya bombani ni bei rahisi zaidi.

Kopo moja limeandikwa mita 14 za mraba kwa lita, lingine mita 9. Si la 14 ndio linakwenda mbali?

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Kwenda mbali maana yake nini? Rangi ni kama siagi kwenye mkate, ukiitandaza nyembamba inaenea vipande vingi. Ile namba ya mita haikwambii chochote mpaka ujue imetandazwa unene gani, na hesabu yake ni rahisi, unaweza kuifanya kwenye simu ukiwa umesimama dukani:

```
mikroni kavu = 10 x solidi% / mita za mraba kwa lita
```

Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Tuchukue makopo mawili, tuyaite A na B. A ina solidi 28 na inasema mita 14 kwa lita. Kumi mara 28 ni 280, gawa kwa 14, unapata mikroni 20 kwa mkono mmoja. B ina solidi 36 na inasema mita 9, yaani 360 gawa kwa 9, mikroni 40. Umeona? Mikono miwili ya A ndio mkono mmoja wa B! Ile 14 haikuwa uwezo wa rangi, ni kwamba wameamua kukuhesabia ngozi nyembamba.

Kwa rangi ya maji ya ndani mimi napenda ukuta ukikauka uwe na mikroni 60 hadi 80 kwa jumla ya mikono yote. Ikiwa chini ya hapo ukuta unaonekana mzuri siku ya kukabidhi, halafu kitambaa cha kwanza kikipita unaona mawingu.

Basi chumba changu kinahitaji lita ngapi?

Tupige hesabu ya chumba cha kweli. Urefu mita 4, upana 3.5, kimo mita 2.7. Kuzunguka ni mita 15, mara 2.7 unapata mita 40.5 za mraba. Toa mlango mmoja na madirisha mawili, hapo zinaondoka kama 5.5, zinabaki 35. Mikono miwili ni mita 70.

Kwa B ni 70 gawa kwa 9, inakuja karibu lita 8. Kwa A ni 70 gawa kwa 14, lita 5 kamili, na hapa ndipo mteja anafurahi anasema ameokoa lita tatu. Lakini A ikitaka kufika mikroni 80 kama B inabidi mikono minne, yaani lita 10 na siku nyingine ya fundi. Kwa hiyo lita ya A ikiwa chini ya takriban robo tatu ya bei ya lita ya B, kwa rangi peke yake bado umeokoa kidogo, ila ongeza ujira wa mikono miwili ya ziada uone kama bado unacheka.

Na hizo mita zote za kwenye kopo ni za ukuta laini uliokwisha pigwa praima. Lipu ya mchanga iliyokwaruza inameza, kwa nje hasa, mimi naongeza asilimia 20 mpaka 30 kwa lipu ya kawaida, na ikiwa ni ya kurushia yenye vipele vipele naongeza hata nusu. Asikudanganye mtu kwamba mkono wa kwanza kwenye lipu kavu isiyo na praima utafika mita walizoandika, haufiki.

Fundi anasema lazima aongeze maji, ni kweli?

Kidogo, ndiyo. Makopo mengi yanaruhusu kitu kama asilimia 5 hadi 10 kwa mkono wa kwanza, soma lako. Shida ni ile ya kumimina kwa macho. Chukua kopo B la lita 4, fundi akamimina lita nzima ya maji, sasa una lita 5 zenye solidi ile ile ya lita 4, yaani asilimia 28.8. Umenunua B ukapaka A. Halafu ikipauka unalaumu kiwanda.

Namna ya kumshika bila ugomvi: hesabu makopo matupu. Kama chumba chetu cha mita 35 amekimaliza mikono miwili kwa lita 4 za B, basi amekwenda mita 17.5 kwa lita, na hiyo ni kama mikroni 20 kwa mkono, nusu ya iliyotakiwa. Aidha kazimua au karuka mkono wa pili kwenye kona za nyuma ya kabati.

Kwa hiyo yenye solidi nyingi ndio nunua nikaondoka?

Hapana, ngoja. Unga wa chokaa nao ni solidi. Rangi inaweza kuwa na asilimia kubwa na ndoo nzito ya kuvunja mgongo na bado ikawa chaki tupu yenye gundi ya kuhesabu. Ndio maana uzito wa ndoo si kipimo, ingawa kuna watu dukani wanapima kwa mkono kama wananunua tikiti.

Namba ya solidi inakwambia wingi, ubora unaupima kwa kidole. Nunua kopo dogo, paka kipande cha ukuta chenye rangi ya zamani iliyokolea, mikono miwili, acha siku mbili ikauke kweli kweli. Ilivyokauka itaonekana imefunika vizuri. Sasa lowesha kidole, sugua pale pole pole, halafu tazama palipolowa. Kama rangi ya zamani inarudi kuonekana kama kivuli, hiyo rangi ilikuwa inafunika kwa hewa. Iko hivi: kijazio kikizidi gundi, vinabaki vinafasi vya hewa kati ya chembe na hivyo vinatawanya mwanga ukaona weupe, lakini maji yakiingia humo weupe unapotea. Rangi yenye gundi ya kutosha na titaniamu ya kutosha haibadiliki ukiilowesha. Na ukitazama kidole chako kikiwa na unga mweupe, hapo hata usiulize tena.

Mati, silki, satini, glosi, nichague ipi?

Mng'ao si suala la urembo peke yake, unakwambia pia ndani ya kopo kuna gundi kiasi gani. Glosi ina gundi nyingi, chembe zimezama zote, uso uko laini kama kioo na uchafu hauna pa kushika. Mati ina kijazio kingi, uso una vinyweleo, mafuta ya mikono yanaingia ndani na hayatoki. Satini na silki ziko katikati, na hapa tahadhari, majina haya kila kampuni inayatumia inavyotaka, satini ya huyu inaweza kung'aa kuliko silki ya yule. Kama datashiti ina namba ya mng'ao uliopimwa kwa pembe ya nyuzi 60 tumia hiyo, namba yenyewe ikiwa 60 na kuendelea hiyo ni glosi haswa.

Ubaya wa mng'ao ni kwamba unasema ukweli wote. Lipu iliyopinda, msasa ulioruka, puti iliyovimba, mwanga wa dirisha ukipita ubavuni unaona kila kitu. Kwa hiyo mimi: dari mati, sebule na vyumba vya kulala mati nzuri ya daraja la juu au silki ikiwa ukuta umenyooka, jikoni, korido na palipo na watoto silki, milango na fremu glosi au satini. Ukuta uliopinda ukiupiga silki kwa sababu jirani kapiga silki, utauchukia kila saa kumi jioni jua likiingia.

"Inaoshika" kwenye kopo inamaanisha nini?

Neno lenyewe halina maana, kila rangi inaoshika mara moja. Kinachosaidia ni daraja la kusuguliwa. Kuna kipimo cha maabara kinaitwa ISO 11998, wanasugua rangi iliyokauka na kitu kama sponji kali ikiwa imelowa, mara 200, halafu wanapima ngozi imepungua mikroni ngapi. Ikipungua chini ya 5 ni daraja la 1, kutoka 5 hadi chini ya 20 ni daraja la 2, kutoka 20 hadi chini ya 70 ni daraja la 3, na 4 na 5 ni za kutazama tu usiguse.

Sasa unganisha na hesabu yetu ya juu. Ukuta wako una mikroni 80 kama umepaka B vizuri, au 40 kama umepaka A. Daraja la 3 linaweza kuondoa hata 60 na bado likaitwa daraja la 3. Yaani kuna rangi halali kabisa, yenye cheti, ambayo ukiisugua kwa bidii jikoni unafika kwenye lipu. Kwa ukuta wa mkono wa watoto tafuta 1 au 2.

Halafu subiri. Kukauka kuguswa ni saa moja au mbili, mkono wa pili saa mbili hadi nne kwa rangi nyingi za maji, lakini kukomaa mpaka iweze kuoshwa ni wiki mbili hadi nne. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu, silki daraja la 1, siku ya nne mtoto kachora kwa mkaa kwenye korido, nikasugua kwa hasira na sabuni ya vyombo. Mkaa ulitoka, na palipotoka pakabaki duara linalong'aa kama kipara mpaka leo, kila mgeni analiuliza.

Nyeupe ilifunika kwa mikono miwili, mbona nyekundu ya kampuni ile ile iko mkono wa nne na bado?

Si kosa la fundi. Rangi zilizokolea zinachanganywa dukani kwenye besi isiyo na weupe, au yenye weupe kidogo sana, kwa sababu ukiweka titaniamu nyingi nyekundu inageuka waridi. Na titaniamu ndiyo ilikuwa inafunika. Nyekundu na njano kali zinapitisha mwanga kama kitambaa chepesi. Dawa yake ni kupiga kwanza mkono mmoja wa andakoti ya kijivu au ya rangi iliyo karibu nayo, kisha mikono miwili ya nyekundu inatosha. Ile mita kwa lita iliyoandikwa kwenye kopo usiitumie hapa, hiyo ni eneo tu, haijaahidi kufunika.

Rangi ya nje imeandikwa "inadumu miaka 10", niamini?

Soma masharti. Ahadi za miaka karibu zote zinataka praima yao, mikono miwili kwa kiwango chao cha mita kwa lita, ukuta mkavu, na ukienda kudai mara nyingi unapewa makopo mengine, ujira wa fundi ni juu yako. Na swali la kuuliza ni inadumu nini? Inadumu bila kubanduka, au bila kupauka? Hivyo ni viwili tofauti. Rangi inaweza kushika ukuta miaka kumi huku bluu yake imeshakufa mwaka wa tatu.

Kwa kupauka, kinachoamua zaidi ni rangi uliyochagua. Rangi za udongo, kahawia, nyekundu ya matofali, njano ya mchanga, hizi ni oksaidi za chuma, jua haliziwezi. Njano ya limau, nyekundu kali, zambarau, mara nyingi ni pigmenti ambazo jua linazivunja taratibu. Kwa kubanduka, tafuta ya akriliki halisi kwa lipu ya nje, na ngozi isiwe nyembamba.

Na tafadhali rangi ya mafuta usiipige kwenye lipu mpya. Saruji ina ukali wa alkali, ikikutana na mafuta yenye unyevu inayageuza sabuni, kweli kabisa, ukuta unanata kisha unabanduka vipande. Hata rangi ya maji, ipe lipu mpya kama siku 28 na upige praima inayohimili alkali, la sivyo unapata mabaka meupe ya chumvi.

Nimenunua ya bei kali kabisa, baada ya mwaka mmoja inabanduka, nimeibiwa?

Geuza kipande kilichobanduka utazame mgongoni. Kama mgongo una unga mweupe au rangi ya zamani, basi rangi mpya ni nzima, kilichoachia ni cha chini yake. Hii ndiyo kesi ninayoikuta zaidi ya zote. Ukuta wa nje wa zamani unakuwa umeoza juu juu kwa jua, gundi imekufa imebaki chaki, ukipaka juu yake ni kama kupaka kwenye unga.

Kabla ya kupaka pitisha kitambaa cheusi ukutani. Kikitoka cheupe, osha kwa brashi ngumu, acha ukauke, kitambaa tena. Kikiwa bado cheupe, piga praima ya kushikisha, ile nyepesi inayozama ndani. Halafu kata alama ya X kwa wembe kwenye rangi ya zamani, bandika selotepu, ikandamize, ivute kwa ghafla. Ikija na vipande, hapo hakuna brandi itakayokuokoa, kwangua kwanza.

Kama mgongo wa kipande una mchanga wa lipu na kimevimba kama malengelenge, hayo ni maji yanatoka ndani ya ukuta, tafuta bomba, paa au msingi.

Naweza kutumia ya nje ndani, au ya ndani nje?

Ya ndani nje usithubutu, msimu mmoja wa mvua unatosha. Ya nje ndani inashika, ila ina dawa za kuzuia ukungu na kuvu ambazo sioni kwa nini ulale nazo chumbani.

Makopo matano ya rangi moja, mbona ukuta mmoja umetofautiana?

Tazama namba ya bachi, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani, makopo ya bachi tofauti yanaweza kupishana rangi. Iko kwenye kifuniko au kitako, na hata namba zikifanana, za kuchanganywa na mashine ya dukani zinaweza kupishana kidogo. Mimina makopo yote kwenye ndoo kubwa, koroga mpaka chini, ndio uanze.

Iliyobaki niitunze kwa kurekebisha mikwaruzo?

Itunze, ila mati ndiyo inayokubali kiraka. Silki na glosi ukigusa sehemu ndogo kiraka kinaonekana kutoka mlangoni, kwa hizo unapaka ukuta mzima kutoka kona mpaka kona. Andika kwenye kopo tarehe, chumba na maji uliyoongeza.